HERUFI MOJA ILITUNYIMA MWALIMU
(Namna ya kuandikia wakubwa wa ofisi kwa imeli)



Kila siku tuko tunaandika mesaji kwa simu, na kwa hiyo tunawaza ya kuwa tunajua kuandika. Lakini mesaji kwa rafiki na imeli kwa mkubwa wa ofisi ni vitu viwili. Mimi nilijifunza hiyo kwa haya, na darasa zima lililipa pamoja nami.

Mwaka huu wa masomo, mwalimu wetu wa hesabu alihamia mji mwingine pamoja na jamaa yake. Prefe aliandikia ofisi inayosimamia shule, jibu likakawia. Basi akaturuhusu sisi wanafunzi tuandike vilevile. Ni mimi niliyeandika, jioni, kwa simu, mbiombio. Hii ndiyo imeli yenyewe:

"Slt mukubwa. Ni siye ba darasa la hesabu. Mwalimu alienda, atakuja tena. Atuna mutu wa kutufundisha na mtihani njo hii inafika. Utuangalilie stp ju tuko mubaya. Mrc."

Siku mbili zikapita, jibu likaja. Mkubwa alisema amesikia, na kwa kuwa mwalimu wetu atakuja tena, tumngojee kwa uvumilivu. Tulishangaa sana. Sisi tulitaka kusema HATAKUJA tena! Kumbe nilikuwa nimeandika kinyume. Kwa ajili ya hiyo herufi moja tulizidi kukaa bila somo la hesabu.

Sababu yake ni hii. Katika Kiswahili chetu cha nyumbani hatutamki sana h. Tunasema "atuna" kwa "hatuna", "awajafika" kwa "hawajafika". Kwa mdomo hakuna hasara, kwani tunavuta sauti kidogo mwanzoni, tunatingisha kichwa, na mwenye kusikia anafahamu. Lakini karatasi haina kichwa cha kutingisha. Katika neno "atuna" msomaji anaweza kubahatisha, maana "atuna" haina maana nyingine. Katika "atakuja" hawezi, maana ni neno kamili lenye maana yake. Na "tena" inaongeza hatari: pamoja na "atakuja" inasema mtu atarudi, pamoja na "hatakuja" inasema harudi kamwe.

Hatari hiyo iko hata kwa kitendo cha sasa. Wengi tunasema "hanasoma" kwa mtu asiyesoma. Ukiangusha h, inabaki "anasoma", yaani umesema anasoma! Kiswahili cha vitabu kinasema "hasomi", na hapo mwisho wa neno pia unageuka kuwa i. Kwa hiyo hata h ikipotea, ile i inabaki kuwa shahidi. Lakini mjihadhari: mwenzetu mmoja aliogopa sana kosa langu, akaanza kutia h kila mahali. Aliandika "Mwanafunzi hanaomba ruhusa", naye alitaka kuomba. Kabla ya kuandika h, jiulize: ninakubali ao ninakana? H ni ya kukana.

Sasa tutazame maneno mengine ya ile imeli. "Siye ba darasa" ni "sisi wanafunzi wa darasa". "Njo" ni "ndiyo". "Ju" ni "kwa sababu", na mgeni anaweza kuisoma kuwa "juu". Hayo si matusi, ni maneno yaliyokatwa na ulimi. Kuyatengeneza ni kurudisha vipande vilivyoanguka.

"Slt", "mrc" na "stp" ni Kifaransa kilichokatwa kwa mesaji. Hiyo "stp" ndiyo mbaya zaidi. Ile t katikati ni ya kumwambia mtu "wewe" kama rafiki wa kucheza naye mpira. Kwa mkubwa Wafaransa wenyewe wanatumia "svp", nayo haikatwi katika barua ya ofisi. Lakini kama barua ni ya Kiswahili, acha zote mbili, andika "tafadhali" ao "tunaomba kwa heshima".

Inabaki "tuko mubaya". Kati yetu neno hilo linasema mengi, lakini mkubwa hapati kitu cha kushika. Ubaya gani? Njaa? Ugonjwa? Hapa haitoshi kubadilisha neno la mtaani kwa neno la kitabu. Unapaswa kusema jambo lenyewe: tangu lini, masomo mangapi, wanafunzi wangapi.

Baada ya jibu lile tuliketi watu watatu, tukaandika upya kwanza kwa kalamu. Juu, mahali simu inapoandika Objet, tulitia: "Ombi la mwalimu wa hesabu, darasa la mwisho". Imeli ya kwanza haikuwa na kitu pale. Na jina langu la simu, ambalo mkubwa aliliona kabla ya salamu, lilikuwa la utani. Nililibadilisha. Katika Cc tukamtia Prefe, ili asipitwe. Kisha:

"Bwana Mkuu, tunawasalimu kwa heshima. Sisi ni wanafunzi 34 wa darasa la mwisho. Mwalimu wetu wa hesabu amehama, naye hatarudi. Tangu majuma matatu hatuna mwalimu wa somo hilo, na tumepoteza saa 15 za masomo. Tunaomba mtutumie mwalimu mwingine kabla ya mtihani wa Serikali. Katika imeli yetu ya kwanza tuliandika vibaya ya kuwa atakuja tena. Mtusamehe kosa hilo. Kwa niaba ya darasa, Kapita wa wanafunzi."

Mwenzangu mmoja alitaka tuanze na mistari mitano ya sifa: mtukufu, mwenye hekima, baba wa mayatima. Tulikataa. Mkubwa anasoma imeli nyingi, na ombi likifichwa chini ya sifa anaweza kuchoka mbele ya kulifikia. Salamu moja inatosha, jambo lifuate. Pia tuliandika "hatarudi" kuliko "hatakuja tena". Hapo hakuna tena neno "tena" la kudanganya, lakini h inapaswa kulindwa vilevile, maana "atarudi" pia ni neno kamili.

Mwisho, tulimwita mwanafunzi wa darasa la chini asiyejua habari yote. Tukamsomea polepole, tukamwuliza: "Mwalimu atarudi? Sisi tunaomba nini?" Alijibu sawasawa. Ndipo tu tulipoandika adresi ya mkubwa. Mpaka hapo ile nafasi ya adresi ilikaa wazi, ili kidole kisitume barua mbele ya wakati.

Jibu lilikuja kesho yake, na mwalimu mwingine alifika siku ya tisa. Ninyi mnamjua, ndiye anayetufundisha leo. Zile saa 15 tulizilipa siku za Posho mchana, wakati wengine wanacheza.

Sisemi Kiswahili cha nyumbani ni kibaya. Ndicho ninachosema na mama, na nikimwandikia mama kwa namna ya ofisi atauliza kama nina homa. Lakini yeye anaijua sauti yangu. Yule mkubwa hakuisikia hata siku moja. Alikuwa na herufi zangu tu, na moja ilikosa.

Kapita wa wanafunzi, darasa la mwisho