Kihamba cha Baba: Kuuza au Kulima?

Ukipanda miteremko ya Kilimanjaro utaona vihamba vimeshikana kama msitu mmoja. Juu kuna miti ya kivuli, chini yake migomba, chini zaidi mibuni, na mipakani yameoteshwa masale. Mara nyingi makaburi ya familia yamo humohumo. Ndiyo maana baba anapofariki, swali la kuuza au kulima huwa zito kuliko bei ya ardhi yenyewe.

Tuchukue ndugu wawili walioachiwa kihamba cha ekari 2 chenye mibuni 300 iliyozeeka. Mkubwa anafanya kazi Dar es Salaam na ana ada za watoto. Mdogo amebaki nyumbani na mama, kama mila ya Wachaga inavyomwelekeza kitinda mimba.

“Mdogo wangu, tuuze tugawane,” anasema mkubwa. “Kahawa haitoki, na mimi sina nafasi ya kuja kila mwezi.”

“Kaka, tukiuza, mama tunampeleka wapi?”

Hapo wote wawili wanazungumza kana kwamba kihamba kimekwisha kuwa chao. Bado. Kwanza ukoo ukae kikao, muhtasari uandikwe, na jina la msimamizi wa mirathi lipelekwe Mahakama ya Mwanzo pamoja na cheti cha kifo. Akishateuliwa, msimamizi ana miezi 4 ya kuwasilisha orodha ya mali na madeni ya marehemu. Mama na dada zao nao wasikilizwe humo, maana kaka wawili kukubaliana hakutoshi. Na kwa kuwa hii ni ardhi ya kijiji, hata baada ya hapo mnunuzi hapokei haki ya kimila mpaka halmashauri ya kijiji iidhinishe. Anayelipa kabla ya hatua hizo ananunua kesi.

Tuseme wameamua kulima. Hapa ndipo ninapoona undugu unavunjika, na chanzo chake ni hesabu. Mibuni 300 ikitoa nusu kilo ya kahawa ya maganda kila mmoja, ni kilo 150. Kwa bei ya kukadiria ya shilingi 6,000 kwa kilo, wanapata 900,000. Mkubwa alituma 200,000 za mbolea na dawa. Anarudishiwa, kisha 700,000 zinazobaki zinagawanywa sawa: 350,000 kila mmoja. Inaonekana haki tupu.

Lakini mdogo alifanya kazi siku 40, kupalilia, kupogoa, kuchuma na kukausha. Kibarua wa 8,000 kwa siku angelipwa 320,000. Kwa hiyo faida yake halisi ni 30,000, na ya kaka yake ni 350,000. Msimu wa pili ataanza kupalilia kwa uvivu, na mkubwa atasema mdogo anakula pesa. Hesabu iliyo sawa hutoa kwanza gharama za mkubwa na ujira wa mdogo, ndipo 380,000 zinazobaki zigawanywe, 190,000 kila mmoja. Ndizi na majani ya ng'ombe ziachwe kwa mdogo, kwa kuwa ndiye anayemlisha mama na kutunza boma. Wayaandike haya na kusaini mbele ya mashahidi kabla ya jembe la kwanza.

Jambo la pili ni mibuni yenyewe. Iliyozeeka hukatwa kisiki, kiasi cha sentimeta 30 kutoka ardhini, mkato ukiwa wa mshazari ili maji yasitulie na kuozesha. Machipukizi yakitoka, yaachwe mawili au matatu yenye nguvu. Mbuni uliokatwa hauzai mwaka ule, kwa hiyo wasikate yote kwa pamoja. Wakate 100 kila mwaka, ili mkubwa asikae mwaka mzima bila kuona senti na kurudi kwenye wazo la kuuza. Wenye nafasi wapande pia miche mipya inayostahimili chulebuni na kutu ya majani, lakini nayo huchukua takriban miaka 3 kuanza kuzaa.

Kuuza si dhambi. Kama wote wawili wako mjini na hakuna wa kupalilia, magugu na magonjwa yatakimaliza kihamba, na thamani yake itashuka mbele ya macho yao. Mimi ningewaambia hawa wawili walime misimu 3 kwa mkataba. Mmoja akichoka, sehemu yake auziwe ndugu yake kwanza, hata kwa malipo ya awamu, kabla mtu wa nje hajaitwa.

Nawe kama una kihamba kilichobaki kwa jina la marehemu, itisheni kikao cha ukoo na mwende Mahakama ya Mwanzo mapema, wakati wazee wanaoijua mipaka bado wapo.