Mtumba Ukipanda Bei, Nani Anapata Kazi?

Belo moja la mtumba lina kilo 45 hivi. Hadi mwaka 2016, Rwanda ilitoza senti 20 za dola kwa kilo, yaani dola 9 kwa belo. Mwaka huo ushuru ukapandishwa hadi dola 2.50 kwa kilo, na belo lilelile likadaiwa dola 112.50. Lengo lilikuwa kuvipa nafasi viwanda vya nguo vya ndani.

Wanafunzi wawili wa uchumi, tuwaite Baraka na Rehema, wanabishana juu ya jambo hilo.

“Shati la mtumba na shati la fundi ni mbadala, dada,” anaanza Baraka. “La kwanza likipanda bei, mahitaji yanahamia kwa la pili. Fundi anapata wateja, bei yake inapanda kidogo, anaona faida, anaongeza msaidizi. Ajira hiyo.”

“Yanahamia, lakini kwa nani? Mteja ana faranga zake zilezile. Kama mtumba umemshinda, la fundi litamshinda zaidi. Atavaa la zamani mwaka mwingine, au atachukua jipya la bei nafuu kutoka China.”

“Basi fundi ashone mengi, ashushe bei.”

“Kwa kitambaa gani, kaka? Kitambaa, uzi na zipu vikiagizwa nje, gharama zake hazishuki eti kwa sababu mtumba umepanda. Mahitaji hupanda kwa siku moja, kiwanda hakijengwi kwa siku moja.”

Baraka hakubali. “Ndiyo maana ushuru unatakiwa ukae. Mwenye mtaji akihisi utaondolewa mwakani, hanunui hata cherehani moja.”

Hapo nampa Baraka haki yake, maana ugavi hukua polepole, na ushuru wa kupanda na kushuka haujengi chochote. Lakini Rehema bado ana la kusema. Anataja anayefungua belo alfajiri, anayepiga pasi, na fundi wa kando ya soko anayepunguza viuno vya suruali. Bei ikipanda, mauzo yao hupungua mwezi huohuo, wakati kazi za kiwandani bado ni ahadi, tena huenda zikaenda kwa watu wengine kabisa.

“Na mpakani je?” anaongeza. “Ushuru umeongezeka dola 103.50 kwa belo. Pengo hilo linatosha kumlipa mtu abebe furushi kutoka Goma hadi Gisenyi usiku. Mtumba unaingia, serikali haipati kitu, fundi naye hapati mteja.”

Kwa maoni yangu, Rehema ameuliza swali kubwa zaidi: mahitaji yakifukuzwa hapa, yanakwenda wapi?

Tena kuna soko ambalo wote wawili wamelisahau, la nje. Tarehe 30 Julai 2018 Marekani, iliyolalamikia ushuru huo, iliiondolea Rwanda nafasi ya kuuza nguo kwake bila ushuru chini ya mpango wa AGOA.