Kifuniko cha Kibodi Kilichobana: Vuta Wima, Usitekue

Kila herufi ya kibodi ya mekanika ina swichi yake, na juu ya swichi limesimama shina dogo la plastiki lenye umbo la msalaba. Kwa swichi za Cherry MX, zinazoigwa na viwanda vingi, msalaba huo una upana wa milimita 4 hivi. Kifuniko cha herufi hushikiliwa hapo kwa kubanwa tu, bila gundi wala skrubu. Shina hilo linastahimili sana kuvutwa kwenda juu. Linachoshindwa ni kupindwa. Ndiyo maana anayetekua kwa bisibisi upande mmoja huishia na kifuniko mkononi, kipande cha shina kikiwa kimekwama ndani yake.

Tuseme kilichogoma ni kifuniko cha herufi A. Chomoa waya wa USB, kisha kibonyeze. Kikirudi juu upesi, swichi ni nzima na tatizo ni tundu kubana mno. Kikirudi kwa kunata, huenda kuna soda au chai iliyokaukia humo, na swichi yenyewe itahitaji kusafishwa baadaye.

Ondoa kwanza vifuniko vya jirani ili upate nafasi. Tumia king'oleo cha waya, si kile cha pete ya plastiki, ambacho hukwaruza pembeni na kuteleza. Pitisha vitanzi vya waya chini ya pembe zinazokabiliana, uhakikishe vyote viwili vimeshika. Kabla ya kuvuta, pasha kifuniko kwa mashine ya kukaushia nywele kwa nusu dakika hivi. Kiwe na joto ambalo kidole kinaweza kulivumilia. Plastiki ikipata joto hulegea kidogo, na kwa vifuniko vilivyobana hatua hii husaidia kuliko kuongeza nguvu. Sasa vuta wima, polepole, huku ukiyumbisha kidogo mno kila upande kwa zamu.

Macho yasitoke kwenye swichi. Ukiona nayo inainuka, simama. Kama ni ya kuchomeka, iache itoke pamoja na kifuniko, lakini wima: ikitoka kwa mshazari inaweza kupinda miguu yake au kung'oa soketi iliyo chini ya bodi. Ikishatoka, shika kiwiliwili chake kwa vidole na uvute kifuniko moja kwa moja. Kabla ya kuirudisha, nyoosha miguu iliyopinda. Lakini kama imechomelewa kwa risasi, kinachoinuka huwa ni nusu ya juu ya swichi, na ikifunguka springi huruka. Hapo mwombe mwenzako akandamize kiwiliwili kwa bisibisi bapa mbili nyembamba, moja kila upande, wakati wewe unavuta.

Shina likivunjika licha ya yote, usiligundishe, kwani gundi hutiririka ndani ya swichi. Badilisha swichi. Kipande kilichobaki kwenye kifuniko hutolewa kwa kukizungushia skrubu nyembamba hadi ishike, kisha kuivuta kwa koleo.