Siku tisa kabla shule haijafunguliwa

Januari mwaka jana binti yangu alirudi kutoka shule na viatu mkononi. Tulivinunua Jumamosi, vyeusi vya ngozi, Jumatatu akatembea navyo kilomita mbili kwenda na mbili kurudi. Nyuma ya kila kisigino palikuwa na lengelenge kubwa kama sarafu, la kulia limeshapasuka. Iliniuma sana, maana kosa lilikuwa langu.

Lengelenge haliletwi na mkwaruzo peke yake. Mtu anapotembea, mfupa wa kisigino husogea huku ngozi ya mguu imenata kwenye soksi, na soksi kwenye kiatu. Matabaka ya ngozi huvutana kila hatua mpaka yanaachana, maji yanajaa katikati. Jasho huzidisha kunata huko.

Mwaka huu tulinunua mapema, tena jioni, wakati miguu imeshavimba kidogo. Nilihakikisha vidole havigusi mbele, kwa sababu ngozi ya kiatu hutanuka upana, si urefu. Kiatu kifupi hakina dawa.

Siku ya kwanza nilikikunja kiatu kwa mikono taratibu, pale kinapokunjika chini ya vidole, mara ishirini hivi. Katikati ya soli sikupagusa, maana ndani yake mna kipande kigumu kinachoshikilia kiatu. Kisha nikausugua ukingo wa nyuma kwa mgongo wa kijiko, kutoka ndani, hadi ukaanza kulegea. Hapo ndipo penye ubishi kuliko kwingine kote.

Akavaa soksi nene za sufu, akafunga kamba barabara ili kisigino kisicheze, akatembea sebuleni dakika ishirini. Joto na unyevu wa mguu ndivyo vinavyoilainisha ngozi, na soksi nene huisukuma kidogo kidogo. Kama soksi hizo zinabana hadi vidole vinakufa ganzi, vua, maana hapo unaumiza mguu.

Kila alipovua nilitazama visigino. Siku ya tatu, baada ya dakika arobaini, cha kushoto kilikuwa na wekundu uliokuwa bado haujaondoka nusu saa baadaye. Hiyo ndiyo dalili ya lengelenge linalokuja. Tulipumzika siku nzima, nikarudia kijiko, na safari iliyofuata nikabandika plasta mahali hapo kabla hajavaa.

Jirani alinishauri nivilowanishe viatu kisha nivianike. Nilikataa: ngozi iliyolowa ikikaushwa juani hukakamaa na kupasuka, na gundi ya soli huachia. Nilivijaza magazeti tu usiku, yanyonye jasho na viatu vishike umbo.

Siku ya saba alivaa soksi zake za shule, nyembamba, akaenda dukani na kurudi. Siku ya tisa alitembea njia yote ya shule pamoja nami. Tulipofika nyumbani alivua mwenyewe, akaniinulia visigino nitazame. Vilikuwa vikavu, havina hata alama.