Sifuri Iliyopotea Kati ya 15 na 105

Swali la zoezi ni 738 ÷ 7. Karatasi ya majibu inasema 105 baki 3. Mtoto ameandika 15 baki 3, na mzazi aliyekaa naye hana la kumwambia zaidi ya kwamba amekosa.

Kabla ya kuweka alama ya mkasi, tazama kwanza alichopata. Ile 1 iko sawa, 5 iko sawa, hata baki ni yenyewe. Kwa hiyo jedwali la saba analijua, na kutoa anajua. Ukimrudisha kukariri saba mara moja, saba mara mbili, utammalizia jioni yake bure. Kilichomponyoka ni sifuri ya katikati, na mara nyingi ni sisi wakubwa tuliomponyoshea. Tunamwambia, "Saba kwenye tatu haiingii, shusha inayofuata." Mtoto mtiifu anashusha 8, anapata 38, anaendelea. Hakuna aliyemwambia kwamba "haiingii" nalo ni jibu, na jibu hilo huandikwa 0.

Njia rahisi ya kumwonyesha ni fedha. Za Kenya zinafaa sana kwa somo hili, maana kuna noti ya mia, sarafu ya kumi na sarafu ya shilingi moja. Asiye nazo akate vikaratasi aviandike 100, 10 na 1. Mpe mtoto shilingi 738: noti saba za mia, sarafu tatu za kumi, sarafu nane za moja. Awagawie watu saba sawasawa, akianza na zile kubwa.

Noti saba kwa watu saba: kila mtu anapata moja, na noti zimekwisha. Zinafuata sarafu za kumi. Ziko tatu, watu ni saba, hazitoshi kumpa kila mmoja. Hapa simama umuulize: kila mtu amepata sarafu ngapi za kumi? Mwache ajibu mwenyewe kwamba hakuna aliyepata. Basi aandike 0 kwenye nafasi ya makumi, ndipo aendelee. Zile sarafu tatu hazitupwi. Zinachenjiwa ziwe sarafu thelathini za shilingi moja, zikajumlishwa na nane zilizokuwepo, zikawa 38. Kila mtu anapata tano, zinatumika 35, zinabaki tatu. Sasa kila mmoja anayo noti moja ya mia, hana ya kumi, na ana tano za moja. Hiyo ndiyo 105.

Kule "kushusha" tunakokuimba darasani ni huku kuchenji, si kingine. Mtoto akishaliona hilo kwa mikono yake, kuliandika si kazi:

```
    1 0 5   baki 3
7 ) 7 3 8
  - 7
    ---
    0 3
  -   0
      ---
      3 8
    - 3 5
      ---
        3
```

Mstari wa kutoa 0 wengi huuruka kwa kuwa haubadilishi kitu. Kwa mtoto anayeanza, usiuruke. Kila tarakimu inayoshushwa lazima iache tarakimu moja juu yake, na daftari la hesabu lenye vyumba husaidia sana hapa: chumba kitupu juu ya 3 kinaonekana mara moja.

Mtoto pia anaweza kugundua kosa lake kabla ya kufunua majibu. Saba kwenye mia saba ni mia moja, kwa hiyo jibu la 15 haliwezekani hata kwa kukadiria. Akitaka uhakika kamili azidishe: 15 × 7 ni 105, ongeza baki 3, unapata 108. Hiyo si 738. Lakini 105 × 7 ni 735, ukiongeza 3 unapata 738 yenyewe. Na baki ikitoka 7 au zaidi, ujue kuna mgao mmoja bado haujatolewa.

Tahadhari kwa mzazi anayehakiki kwa simu. Kikokotoo kitaonyesha 105.428571, na mtoto aliyeandika baki 3 ataonekana amekosa. Hajakosa. Kikokotoo hakiachi baki, kinaendelea kugawanya hata kile kilichobaki. Tarakimu zile baada ya nukta ni sehemu ya saba tatu, yaani 3/7, iliyoandikwa kwa desimali.

Hapo ndipo hesabu za kugawanya zinapokutana na sehemu, ingawa vitabu vingi huziweka katika sura mbalimbali kana kwamba hazijuani. Chukua miwa mitatu iliyobaki na watu wale wale saba. Kata kila muwa vipande saba vilivyo sawa. Kila mtu achukue kipande kimoja kutoka kila muwa. Anaondoka na vipande vitatu, na kila kipande ni 1/7 ya muwa. Anazo 3/7. Baki imekaa juu, ikawa kiasi. Namba iliyogawanya imekaa chini, ikawa asili. Watoto wengine hugeuza wakaandika 7/3. Muulize tu: miwa mitatu kwa watu saba, kuna atakayepata muwa mzima? Hayupo, na 7/3 ni zaidi ya miwa miwili.

Kwa hiyo 738 ÷ 7 ina jibu zaidi ya moja, kutegemea kinachogawanywa. Shilingi moja haikatwi, basi ni 105 baki 3. Lita 738 za maziwa zikigawiwa vituo saba, kila kituo kinapata lita 105 na 3/7. Vitabu 738 vikipakiwa saba saba kwenye maboksi, unahitaji maboksi 106, maana vile vitatu vya mwisho navyo vinataka boksi lao. Mtoto aliyegawanya barabara akaandika 105 kwenye swali la maboksi hana tatizo la hesabu. Hakusoma swali mpaka mwisho.

Jambo moja zaidi linalozua ugomvi na karatasi za majibu. Mtoto agawanye 92 ÷ 8, atapata 11 baki 4. Agawanye 59 ÷ 5, atapata tena 11 baki 4. Kwa maandishi majibu haya ni pacha, lakini kwa kweli hayalingani. Katika la kwanza vinne vinagawiwa wanane, kila mmoja anapata 4/8, nayo ni sawa na 1/2. Katika la pili vinne vinagawiwa watano, kila mmoja anapata 4/5, karibu kitu kizima. Ndiyo maana karatasi inaweza kusema 11½ na daftari likasema 11 na 4/8, yote mawili yakawa sahihi. La mtoto halijarahisishwa tu. Ili kurahisisha, atafute namba inayogawanya juu na chini bila kubakiza. Hapa ni 4: nne kwa nne ni moja, nane kwa nne ni mbili.

Walimu mnaoandaa karatasi za majibu, ombi langu ni dogo. Pembeni ya "105 baki 3" ongezeni mstari mmoja: 7 × 105 + 3 = 738. Na pale jibu linapokuwa 11½, andikeni pia 11 baki 4 na 11 na 4/8, ili mzazi asimkate mtoto alama aliyoistahili.