Stika imechoma msee: tuliza grupu bila kutafuta kiki

Oya, mbogi ya Kizuka, sogeeni. Leo rada ni grupu.

Scene mnaijua. Maji ya ziwa yameingia kwa keja ya mshikaji. Kiti chekundu cha plastiki kinaelea mlangoni. Kuna fala amepiga picha, ametengeneza stika, ameandika juu: «Loji ya Tanganyika, swimingi puli bure.» Imetua saa tatu usiku, saa ya mega za usiku, wote wako onlaini. Vicheko vimemwagika. Mmoja anauliza kama kuna chai ya asubuhi. Halafu mwenye keja anaandika: «Sawa.»

Na nukta. Msee ambaye hajawahi kuweka nukta tangu apate simu! Mtu wa vois ndefu, mtu wa «weeeee», leo anaweka nukta. Hapo imechoma, usiulize. Ukitaka uhakika, na wewe ndiye uliyeituma, binyia ile stika, fungua taarifa za meseji, utaona nani ameisoma. Kama binamu yake na jirani yake wameisoma na hawajacheka, basi si yeye peke yake. Keja nzima imeiona.

Na hii ya maji si ya kuchezea. Ziwa limekuwa likipanda tangu mvua kubwa za 2019 na 2020, na 2024 likapita meta 777 juu ya usawa wa bahari. Mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, mto Lukuga, ng'ambo huko Kalemie. Maji yakishaingia kwa uwanja wako hayaondoki kesho kama ya mvua. Yanakaa miezi. Kwa hiyo wewe umetania jana, lakini jamaa analala kwa shangazi leo, kesho na mwezi ujao, na pesa ya kupanga chumba Rumonge haishuki kutoka mbinguni. Stika yako inamkuta kila asubuhi mahali palepale ilipomwacha.

Sasa fala ameshtuka. Anafanya nini? Anafuta! Wote mnafanya hivyo na wote mnakosea. WhatsApp inakupa kama siku mbili na nusu za kufutia kila mtu, sawa, lakini inaacha kaburi pale: «Ce message a été supprimé». Aliyekuwa hajaona sasa anauliza kilikuwa nini, na kuna mdaku anamjibu kwa furaha. Wale waliojibu juu ya stika, majibu yao bado yanaionyesha. Na aliyeiweka kwenye stika anazozipenda anayo hadi aitoe mwenyewe. Ukifuta kimyakimya umefuta ushahidi wako tu, kidonda hujakigusa. Kufuta ni lazima, ila kunakuja na maneno.

Anza inboksi. Rudi kwenye ile «Sawa.» yake, bonyeza «Répondre en privé», uandike fupi. Namna hii inatosha:

«Bro, ile stika nimetengeneza mimi. Ile ni nyumba yenu, na nimewachekesha watu juu yake. Nimekosea. Naifuta, na nitaandika kwa grupu bila kukutaja. Si lazima unijibu.»

Ona kilichokosekana hapo. Hakuna «nilikuwa natania». Anajua ulikuwa unatania, alikuwepo! Hakuna «kama imekukwaza». Hiyo «kama» ni sumu, inamrudishia yeye kazi ya kuthibitisha kwamba ameumia. Na ile ya mwisho, si lazima unijibu, ndiyo inamwachia hewa. Msee aliyehamisha magodoro mchana kutwa hadaiwi «poa bro, yameisha» ili wewe ulale vizuri.

Vois usitume. Dakika nne za kuhema na kusema «unajua mimi na wewe tumetoka mbali» zinamla mega zake, halafu stori yote imekuwa yako. Hiyo ni kiki. Mikono kumi ya kuomba, kiki. Kubadilisha stetasi iwe nyeusi, kiki na aibu.

Baada ya hapo, futa, halafu grupu. Meseji moja:

«Wazee, stika ya maji ya jana ilikuwa yangu na ilikuwa mbaya. Kuna familia zinahama hapa mtaani. Nimeifuta, mwenye ameiweka kwake aitoe.»

Jina lake halimo, na kumtagi ndiyo kosa kubwa kuliko yote. Ukimtagi, watu themanini wanamwangalia aseme amesamehe. Atasema, atafanya nini? Lakini umemlazimisha, na safari hii mbele ya wote. Kama umeandika vibaya una dakika 15 za kurekebisha, na itabaki alama ya «Modifié», kwa hiyo isome kabla hujaituma. Wakati inasomwa, kaa kimya. Habari ya mechi ya Jumapili iende kwa meseji nyingine, baadaye kidogo. Ukizibandika pamoja inaonekana umeomba radhi kama mtu anayelipa deni la Fanta njiani.

Halafu atatokea wakili. Kila grupu inaye. «Ah, watu wamekuwa laini, mnakuza mambo.» Anakutetea, na moyo wako unapenda. Hapa ndipo wengi wanaanguka, wanaweka kicheko kidogo tu juu ya meseji yake. Jamaa anakiona. Kicheko kimoja kimekula radhi yote. Wewe mwenyewe ndiye wa kumzima wakili: «Hapana bro, hii ni yangu.» Basi. Usibishane naye, mpe hiyo moja, ataboeka.

Mabuda nao hawakosi. Stori ikifika kwao, mmoja atasema kijana haombi radhi kwa utani, zamani watani walitaniana hadi msibani. Mwingine atataka vijana waitwe, viti vipangwe chini ya mwembe, watu wazima wahukumu kama bashingantahe, na kreti ya vinywaji inunuliwe na mkosaji. Kreti, kwa stika! Kwa bei za sasa? Halafu hao wa utani wanasahau nusu ya stori yao wenyewe: mtani aliyecheka msibani ndiye huyohuyo aliyeshika jembe kaburini, akabeba maji, akapika. Wewe uliyetengeneza loji ya Tanganyika umebeba godoro gani? Kama kuna vitu bado viko ndani ya maji, nenda na mikono yako. Simu ibaki mfukoni, maana picha yako ukiwa umebeba kabati ni ile stika tena, na wewe umeingia ndani.

Na kama ametoka kwenye grupu? Siku hizi kutoka hakupigi kelele, wanaarifiwa maadmini tu, ingawa kwa siku 60 mtu yeyote anaweza kuchungulia orodha ya waliotoka. Admini asimrudishe kwa nguvu usiku uleule, na asitangaze «nani amemkosea huyu?» Amwandikie pembeni, amuulize akiwa tayari. Inaweza kuwa wiki, inaweza kuwa baada ya maji kushuka, na kuna wengine hawarudi. Akirudi, msimmiminie «karibu tena» hamsini. Mmoja amuulize kama atacheza beki Jumapili, na wengine waendelee kubishana bei ya mukeke.