Barua ya Picha Ambazo Kamera Haikuzipiga

Barua ya kuomba kazi ya picha hotelini siku hizi mara nyingi huanza kwa majivuno: mbunifu wa kujitegemea anaweza kutengeneza picha za vyumba na mgahawa kwa akili mnemba, bila kamera, tena kwa siku mbili. Meneja mzoefu akifika hapo huweka barua kando. Anamjua mgeni anayefika mapokezi na mabegi yake, simu mkononi, picha aliyoilipia ikiwa kwenye kioo. Pazia si lile, dirisha halitazami bahari, na anayesimama mbele ya mgeni huyo si mbunifu.

Hofu hiyo ina msingi. Februari 2024, mjini Glasgow, Scotland, wazazi walinunua tiketi za maonyesho ya watoto yaliyohusishwa na hadithi ya Willy Wonka, baadhi kwa pauni 35. Matangazo yalipambwa kwa picha za akili mnemba zenye bustani za peremende na taa za rangi, ingawa maneno mengine yaliyoandikwa humo hayakuwa maneno ya lugha yoyote. Familia zilikuta ghala lenye mapambo ya kuhesabika. Polisi waliitwa, maonyesho yakafungwa, na waandaaji wakadaiwa fedha.

Kwa hoteli iliyoko Tanzania kuna sheria pia. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 kinakataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha au unaoelekea kupotosha. Picha ya chumba kisichokuwepo, ikiwekwa mahali ambapo mgeni anachagua pa kulala, ni vigumu kuitetea mbele ya kifungu hicho.

Kwa hiyo barua yenye nguvu huanza na mipaka. Chukua mfano wa kubuni wa hoteli ya vyumba 24 mjini Bagamoyo, yenye ukumbi wa chakula unaokodishwa pia kwa harusi na semina. Aya ya kwanza ya barua ingeweza kusomeka hivi:

“Ndugu Meneja, ukumbi wenu unabeba harusi, lakini mteja anayekuja kuulizia bei huonyeshwa ukumbi mtupu wenye viti vilivyopangwa ukutani. Naomba niwatengenezee picha sita: nne za ukumbi huohuo ukiwa umepambwa kwa namna tofauti, na mbili za chumba kimoja cha upande wa bustani kabla hamjanunua mapazia na rangi mpya. Kila moja nitaijenga juu ya picha halisi nitakayoipiga hapo hotelini, na itaandikwa wazi kuwa ni mapendekezo. Sitatengeneza picha ya chumba wala ya chakula kwa ajili ya tovuti za kuuzia vyumba.”

Sentensi ya mwisho ndiyo inayompa meneja sababu ya kuendelea kusoma. Bi harusi anayeonyeshwa ukumbi uliopambwa anajua kwamba anatazama pendekezo. Mwenye hoteli anayeonyeshwa chumba chenye pazia jipya naye anajua. Mgeni anayetafuta kitanda mtandaoni hajui, na kwake picha ni ahadi.

Maneno “juu ya picha halisi” yanabeba kazi yenyewe. Mbunifu akiiandikia programu kama Midjourney maelezo matupu, atapata ukumbi mzuri usiokuwa wa mtu yeyote. Njia salama zaidi ni kupiga picha ya ukumbi kutoka kona moja, simu au kamera ikiwa juu ya kiguu, kisha kuchagua eneo linaloruhusiwa kubadilika: meza, vitambaa, maua. Photoshop ina kifaa cha namna hiyo tangu 2023, na programu huria za aina ya Stable Diffusion hufanya vivyo hivyo. Kuta, madirisha, nguzo na pangaboi hubaki kama zilivyo. Meneja akitaka kuhakikisha, aombe picha ya awali na kuiweka kando ya ile iliyotengenezwa.

Kikwazo kikubwa ni kwamba programu haijui mita. Tuseme ukumbi wetu una urefu wa mita 12 na upana wa mita 8. Meza ya duara ya watu kumi ina kipenyo cha karibu mita 1.8. Ukiongeza viti na njia ya mhudumu mwenye sinia, kila meza inakula kama mita tatu na nusu kila upande. Hapo zinaingia meza sita kwa raha, pengine nane kwa kubanana, yaani wageni 60 hadi 80, na bado jukwaa la maharusi halijapata nafasi. Programu itachora meza 15 bila kusita, na picha itapendeza. Mama wa bi harusi atazihesabu, atatoa kadi za wageni 150, na ugomvi utaanza siku ya sherehe. Mbunifu makini hupima ukumbi kwa futi kamba, huchora ramani ya meza kwenye karatasi, na huifuata ramani hiyo anapojaza picha.

Makosa mengine huonekana kwa jicho la kawaida. Hesabu miguu ya viti na meno ya uma. Angalia kama kioo cha ukutani kinaakisi upande sahihi wa chumba, na kama chandarua kimening’inia kwenye ndoano au hewani. Soketi ya ukutani nayo husema mengi: ikiwa na matundu yasiyo ya plagi yetu ya pini tatu, sehemu hiyo haikutoka hotelini.

Chakula kiachwe kwa mpishi. Samaki wa kupaka aliyechorwa na programu anaweza kutoka akielea kwenye mchuzi ambao jiko hilo halijawahi kupika, na hakuna faida ya kuhatarisha. Sahani halisi ikiwekwa karibu na dirisha asubuhi, simu nzuri inatosha.

Barua isiahidi pia kisichowezekana kwenye uchapaji. Ukurasa mzima wa A4 uliochapwa kwa ubora wa kawaida wa magazeti ya rangi, nukta 300 kwa inchi, unahitaji pikseli 2480 kwa 3508. Programu nyingi huanzia karibu na 1024 kwa 1024, ambazo kwa ubora huohuo hujaza mraba wa kama sentimita 8.7 tu. Kukuza kunawezekana, lakini programu hubuni vitu vidogo vya kujazia, na hapo ndipo nyuzi za kitambaa zinapogeuka kuwa kama nta. Kwa kumwonyesha mteja kwenye simu au kompyuta, tatizo hilo halipo.

Ipo pia ahadi ya “haki zote ni zenu”. Marekani, Ofisi ya Hakimiliki iliamua mwaka 2023 kwamba picha zilizotoka Midjourney katika kitabu kimoja cha katuni hazilindwi, kwa kuwa hazikutungwa na binadamu. Mbunifu mwaminifu huahidi anachokimudu: kukabidhi mafaili yote, pamoja na picha za awali, na kutouza mpangilio huo kwa hoteli nyingine.

Bei ikae kwenye mstari mmoja, ikitaja idadi ya picha, marekebisho mawili, na nusu ya malipo kabla ya kazi. Kisha barua iombe kitu kidogo ambacho meneja anaweza kukikubali siku hiyohiyo. Kwa hoteli yetu, ombi hilo ni kupewa chumba kimoja na ukumbi kati ya saa tano asubuhi na saa nane mchana, wageni wa jana wakiwa wameondoka, wa leo hawajafika, na wahudumu wakiwa wameshatandika.